Ng'ombe mwenye kiwele: seli nyeupe 2,800, bendi zimezidi zilizokomaa. Slaidi inasema nini?

#1 Zizi na Slaidi
Wakuu, naomba macho yenu kwenye slaidi hii.

Ng'ombe chotara wa Frizia, wilaya ya Hai, amezaa mara ya tatu, ana siku 6 tangu azae. Jana jioni robo ya nyuma kulia ya kiwele ilivimba ikawa moto na ngumu, na maziwa ya robo hiyo yamekuwa maji ya njano yenye vibonge. Jana jioni joto la mwili lilikuwa 40.8. Leo saa 1 asubuhi limeshuka hadi 38.1, ila masikio ni ya baridi na majani hayagusi. Damu ilichukuliwa saa hiyohiyo kwenye kichupa cha kofia ya zambarau, ikafika maabara saa 6 mchana.

Mashine imetoa WBC 2.8, yaani seli 2,800 kwa mikrolita. Nimehesabu seli 200 kwa mkono: nyutrofili zilizokomaa asilimia 9, zile changa aina ya bendi 22, na metamielosaiti ambazo ni changa zaidi 6, limfosaiti 58, monosaiti 5, esinofili sikuona hata moja. Nyutrofili nyingi saitoplazimu yake ni ya bluu, zina vidoa vya kijivu na mapovu.

Mwenzangu wa maabara anasema seli nyeupe ni chache, kwa hiyo si maambukizi ya bakteria, na hizo bendi zimeletwa na sampuli kukaa muda mrefu. Mimi nasema hii ni inflamesheni kali. Nani yuko sahihi?

#2 Nesi wa Zamu
Habari zenu. Mimi ni wa hospitali ya binadamu. Kwetu bakteria wakiingia seli nyeupe zinapanda, 15,000 hadi 20,000. Zikishuka tunafikiria virusi au taifodi. Nadhani mwenzako ana hoja.

#3 Hadubini Kongwe
Nesi, hata kwa binadamu kushuka kumo. Vigezo vya mwaka 1992 vya kumtambua mgonjwa mwenye inflamesheni ya mwili mzima vilitaja seli zaidi ya 12,000, au pungufu ya 4,000, au changa zaidi ya asilimia 10. Kimojawapo kikitimia kinahesabiwa.

Kwa ng'ombe ndiyo kabisa. Ghala la nyutrofili kwenye uboho wake ni dogo. Mbwa ana akiba kubwa, ndiyo maana usaha ukianza mahali seli zake zinaweza kufika 30,000 au 40,000. Ng'ombe kiwele kikiwaka kwa ghafla, nyutrofili zilizokomaa zinatoka kwenye damu na kuingia kwenye kiwele ndani ya saa chache. Akiba inaisha, uboho unatoa bendi, bendi zikipungua unatoa metamielosaiti. Katika siku moja au mbili za mwanzo, kwa ng'ombe seli kushuka huku changa zikiongezeka, yaani kuhama kushoto, ni jambo la kawaida. Hesabu iliyoshuka haiondoi inflamesheni. Mara nyingi inaonyesha kwamba matumizi yameushinda uzalishaji.

#4 Tabibu Mwanafunzi
Samahani wakuu, kuhama kushoto si ile ya hemoglobini kung'ang'ania oksijeni? Damu ikipoa mchoro unahama kushoto. Na ng'ombe huyu masikio ni ya baridi.

#5 Hadubini Kongwe
Hapana mdogo wangu, hiyo ni nyingine na mchoro wake ni mwingine. Hii ilitokana na daktari wa Kijerumani, Arneth, ambaye mwaka 1904 alizipanga nyutrofili kwa idadi ya vipande vya kiini. Zenye kiini kimoja kisichogawanyika alizipanga kushoto, zenye vipande vingi kulia. Changa zikiongezeka, rundo linahamia kushoto kwenye jedwali. Jina limebaki hilohilo mpaka leo.

#6 Kioo Safi
Kabla hatujaenda mbali. Damu imetoka saa 1, slaidi imetengenezwa saa 6. Saa 5 ndani ya kichupa, pengine juu ya pikipiki kwenye jua. Nyutrofili zikikaa kwenye dawa ya kuzuia kuganda zinatoa mapovu zenyewe, viini vinavimba na kupoteza mikunjo yake. Kiini cha seli iliyokomaa kikivimba kinafanana na bendi. Mwenzako hajakosea kuuliza.

Zizi, mapovu yako yakoje? Makubwa, ya mviringo, yenye ukingo uliokatika vizuri, mawili matatu kwenye seli? Au saitoplazimu nzima imechambuka kama povu la sabuni? Na monosaiti zina mapovu pia?

#7 Zizi na Slaidi
Kioo, swali zuri. Nilisahau kusema kwamba nina slaidi mbili. Ya kwanza niliitengeneza pale zizini kwa tone lililobaki kwenye sindano, ikakauka kwa upepo na nikaizamisha kwenye methanoli dakika 3. Ya pili ndiyo ya maabara. Zote nimezipaka Gimsa siku moja, kwenye chombo kimoja.

Nimezipanga sambamba chini ya lensi ya mafuta. Ya maabara ina mapovu makubwa ya mviringo, na monosaiti zimejaa mapovu hayohayo. Ya zizini haina hayo makubwa. Ila zote mbili saitoplazimu ya nyutrofili ni ya bluu, na zote mbili zina vidoa vya kijivu kando ya seli, kama mtu amegusisha ncha ya kalamu ya wino uliopauka. Bendi za zizini nimehesabu asilimia 20.

#8 Kioo Safi
Basi nakubali nusu. Mapovu makubwa ni ya kichupa, yatoe kwenye ripoti. Rangi ya bluu na hivyo vidoa vya kijivu, vinavyoitwa vya Dohle, havitengenezwi na kichupa, hivyo vibaki.

Lakini bluu nayo ina mtego wake. Maji ya kuchanganyia rangi yakiwa na alkali nyingi, kila kitu kinageuka bluu. Tazama seli nyekundu kwenye slaidi ileile. Zikiwa na waridi yake ya kawaida na nyutrofili peke yake ndiyo ya bluu, hiyo ni habari ya mnyama. Zikiwa zote zimeingia ukijani au ubluu, pima pH ya maji yako kwanza, inatakiwa iwe karibu na 6.8 hadi 7.2.

#9 Zizi na Slaidi
Seli nyekundu ni za waridi. Esinofili za kulinganishia ndizo sina.

#10 Mchungaji wa Seli
Wakuu, mbona mnazunguka? Hizo ni nyutrofili zenye sumu. Sumu ya bakteria imeingia ndani ya seli, na mapovu ni bakteria waliomezwa. Bluu ni sumu yenyewe. Ndiyo maana ya jina.

#11 Bibi Gimsa
Mchungaji, umepatia nusu. Sumu ya bakteria inahusika, lakini haiko ndani ya seli unayoiona. Jina ni la zamani na linapotosha.

Nyutrofili huchukua takriban wiki moja kukomaa kwenye uboho. Mwanzoni inakuwa kiwanda cha protini: imejaa raibosomu, na raibosomu hupokea rangi ya bluu. Inavyokomaa kiwanda kinafungwa, raibosomu zinaondolewa, saitoplazimu inakuwa nyeupe au ya waridi hafifu. Inflamesheni kali ikipiga, kemikali za wito zinafika kwenye uboho na kusema toeni haraka. Seli inaruka hatua na kutoka na kiwanda chake kikiwa bado wazi. Bluu unayoiona ni hizo raibosomu. Kidoa cha Dohle ni bonge la utando wa kutengenezea protini ambalo halikuyeyuka. Daktari Dohle aliviona kwanza kwa wagonjwa wa homa ya skalati, akadhani huenda ni vimelea. Kwa hiyo hata yeye alianzia ulipoanzia wewe.

Ukiona bluu na vidoa, slaidi inakusimulia jinsi seli ilivyotengenezwa. Bakteria waliomezwa ndani ya nyutrofili za damu ni nadra sana kuwaona, hata kwa mnyama aliyezidiwa.

#12 Mchungaji wa Seli
Nimekuelewa Bibi. Lakini basi kama ni haraka tu, tofauti ya bendi na hiyo mnayoita sumu ni nini? Zote si uharaka?

#13 Bibi Gimsa
Kuna tofauti. Bendi inakueleza kwamba seli imetolewa ghalani mapema. Bluu na vidoa vinakueleza kwamba utengenezaji wenyewe umeharakishwa. Unaweza kupata bendi chache bila bluu pale inflamesheni ikiwa ndogo: ghala limefunguliwa lakini kiwanda hakijabanwa. Vikikutana vyote kwenye slaidi moja, na seli zilizokomaa zikiwa na bluu kama bendi, wito ni mkali.

Kwa hiyo siwezi kuandika "sumu" bila kusema kiasi. Naandika mambo mawili: ni nyutrofili ngapi kati ya mia zimeguswa, na zilizoguswa zimeguswa kwa ukali gani. Bluu hafifu kwenye seli 8 kati ya 100 si sawa na bluu nzito yenye vidoa na povu kwenye 60. Zizi, zako ni ngapi?

#14 Zizi na Slaidi
Kwenye slaidi ya zizini zaidi ya nusu zina bluu ya wazi. Zenye vidoa ni kama theluthi.

#15 Kalamu ya Takwimu
Kuna jambo moja mmeliruka. Asilimia 22 ya bendi haina maana mpaka uizidishe na jumla. 2,800 mara 0.22 ni bendi 616 kwa mikrolita. Kawaida ya ng'ombe haizidi 120, kwa hiyo ni mara tano. Zilizokomaa ni 252, na kiwango cha chini ni 600. Metamielosaiti ni 168. Limfosaiti ni 1,624, na hizo pia ziko chini, kwani kawaida huanzia 2,500.

Changa jumla ni 784 dhidi ya zilizokomaa 252. Hapo ndipo ilipo hoja: changa zimezidi zilizokomaa. Ukijumlisha nyutrofili zote bila kuzitenganisha unapata 1,036, na mashine itakwambia nyutrofili ziko ndani ya kiwango cha 600 hadi 4,000. Ripoti ya nyutrofili itatoka safi na ng'ombe anakufa.

Halafu hongera kwa kuhesabu 200. Ukihesabu 100 na kupata bendi 10, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 5 na 18 hivi. Ukihesabu 200 ukapata asilimia 10 ileile, ukweli unabanwa kati ya 6 na 15. Na kwa mnyama mwenye seli chache usihesabu sehemu nene ukidhani utazipata haraka. Kwenye unene seli zinajikunja, viini vinaonekana vya duara na metamielosaiti wa uongo wanazaliwa. Hesabu pale seli nyekundu zinapogusana kidogo tu, uende kwa zigizaga kutoka ukingo hadi katikati, kwa sababu seli kubwa hupenda kukaa pembezoni.

#16 Mama Kijacho
Jamani samahani kuingilia. Dada yangu ana mimba ya miezi saba, majibu yake ya damu yameandika IG 1.8% na mashine imeweka alama ya "Left Shift?". Hana homa. Nimesoma huu uzi nikaogopa. Ana bakteria?

#17 Nesi wa Zamu
Mama, pole na usiogope. Mimba yenyewe huongeza nyutrofili na kutoa changa chache kwenye damu, ndizo hizo IG, hata vidoa vya Dohle vinaweza kuonekana kwa mjamzito mwenye afya. Alama ya mashine ni ombi la kuangaliwa slaidi, haijawa jibu. Arudi kliniki na karatasi yake, wamwangalie mkojo, shinikizo na joto. Akipata homa, maumivu ya tumbo au maji kuvuja, aende siku hiyohiyo.

#18 Mama Kijacho
Asante dada. Nimepumua.

#19 Kupe wa Masikio
Zizi, mnasema kiwele, kiwele. Huyu ni ng'ombe wa Kilimanjaro. Seli nyeupe 2,800 na limfosaiti zimeshuka, homa 40.8. Kwa nini hakuna aliyetaja ndigana kali? Kimelea chake kinaishi ndani ya limfosaiti, na ugonjwa ukiwa mkali seli nyeupe za aina zote zinaporomoka. Umeangalia seli nyekundu kwa vimelea? Tezi ya chini ya sikio imevimba? Hapo ndipo inapoanza kuvimba, kwa sababu kupe wake hujishika sikioni.

#20 Zizi na Slaidi
Kupe, umenishika. Nimerudi kwenye slaidi ya zizini. Kwenye sehemu nyembamba nimeona seli nyekundu zenye vijiti vidogo ndani, si zaidi ya 3 kwenye maeneo 50 ya lensi ya mafuta. Tezi ya sikio haikuvimba nilipomshika, na ile ya mbele ya bega sikumbuki kuigusa.

#21 Kupe wa Masikio
Basi umeona.

#22 Hadubini Kongwe
Taratibu, Kupe. Ng'ombe aliyepona ndigana anaweza kubaki na vimelea wachache kwenye seli nyekundu kwa muda mrefu bila kuumwa. Vijiti vitatu kwenye maeneo 50 vinaonyesha kwamba alishawahi kuumwa, havithibitishi kwamba anaumwa leo. Kuthibitisha ni sindano ya tezi: unavuta kidogo, unapaka kwenye slaidi, unatafuta vimelea ndani ya limfosaiti zenyewe.

Tena ndigana haielezi kiwele kilichowaka wala maji ya njano. Na bluu kwenye zaidi ya nusu ya nyutrofili inaendana na bakteria wenye endotoksini, hasa ikolai. Robo moja, siku 6 baada ya kuzaa, joto limepanda kisha likashuka na masikio yamekuwa ya baridi. Huyo ni ng'ombe anayeelekea kuzimia.

#23 Kupe wa Masikio
Sijakataa kiwele. Nasema anaweza kuwa na vyote viwili, na limfosaiti 1,624 zinahitaji maelezo. Endotoksini imechukua nyutrofili, sawa. Limfosaiti zimekwenda wapi?

#24 Bibi Gimsa
Mnyama aliyebanwa anatoa kotisoli nyingi, na kotisoli huziondoa limfosaiti kwenye damu na kuzipeleka kwenye tezi. Esinofili nazo zinapotea, na Zizi hakuona hata moja kati ya 200. Hilo linanivuta upande wa kotisoli.

Ila kotisoli peke yake ingepandisha nyutrofili zilizokomaa na isingeleta bluu wala metamielosaiti. Kwa hiyo hapa vimepandana: kotisoli imeshusha limfosaiti na esinofili, inflamesheni imemaliza nyutrofili. Zizi, alipigwa sindano yoyote kabla hujachukua damu?

#25 Zizi na Slaidi
Bibi, nimempigia mwenye ng'ombe sasa hivi. Anasema jana saa 2 usiku mtu wa jirani alimchoma sindano mbili. Moja ni ya kuua bakteria, ya pili "ya homa", chupa haipo. Mimi leo nimetoa maji ya chumvi nzito lita 2 kwenye mshipa, nikamnywesha maji lita 40 kwa mpira, dawa ya maumivu, na tumekamua robo ile kila saa mbili.

#26 Kioo Safi
"Ya homa" inaweza kuwa deksamethazoni. Na hiyo inashusha limfosaiti na esinofili sawasawa na kotisoli. Inaweza pia kuwa ndiyo iliyoshusha joto. Hapo hatutajua bila chupa.

#27 Mfugaji wa Mlimani
Madaktari, mimi ni mfugaji. Swali langu ni moja: huyu achinjwe au asichinjwe? Seli zimeisha, mmesema wenyewe.

#28 Hadubini Kongwe
Mzee, shikamoo. Kwanza ameshachomwa dawa, nyama yake haifai kuliwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite, na chupa yenyewe haijulikani. Kwa hiyo kuchinja leo kwa ajili ya kuuza si njia.

Pili, kwa mbwa, changa kuzidi zilizokomaa huku jumla iko chini ni dalili mbaya sana. Kwa ng'ombe siku ya kwanza sikubali kuisoma hivyo. Nasubiri siku ya 3 au ya 4. Uboho ukiitika, zilizokomaa zinapanda. Zikibaki chini au zikizidi kushuka siku ya 4, hapo nitakaa na wewe tuzungumze habari mbaya.

#29 Kupe wa Masikio
Kongwe, hapo nitapingana nawe kidogo. Ng'ombe aliyelala hainuki, masikio baridi, bluu nzito kwenye nusu ya nyutrofili, wengine hawafiki siku ya 4. Kusubiri slaidi si tiba.

#30 Hadubini Kongwe
Sijasema asubiri bila tiba. Nimesema asihukumiwe kwa slaidi moja.

#31 Bibi Gimsa
Zizi, wakati unasubiri, pima faibrinojeni. Haihitaji mashine kubwa. Jaza mirija miwili ya hematokriti kwa damu ya kichupa cha zambarau, zungusha yote miwili. Mmoja uvunje juu ya tabaka la seli, dondosha plazima kwenye rifraktomita, andika protini. Wa pili uuweke kwenye maji ya nyuzi 56 hadi 58 kwa dakika 3. Utaona plazima inapata ukungu mweupe, hiyo ni faibrinojeni imeganda. Zungusha tena ishuke, soma protini ya juu. Tofauti ya namba mbili ndiyo faibrinojeni.

Maji yakifika 60 unaharibu na protini nyingine, tofauti inakuwa kubwa ya uongo. Na mrija usiozamishwa wote unabakiza plazima isiyopashwa, tofauti inakuwa ndogo. Makosa mengi ni hayo mawili.

#32 Zizi na Slaidi
Nimefanya kwa damu ya leo. Protini 78 gramu kwa lita, baada ya maji ya moto 72. Faibrinojeni 6. Kawaida ni 3 hadi 7. Kwa hiyo hana inflamesheni?

#33 Bibi Gimsa
Hapana. Nyutrofili hubadilika ndani ya saa, faibrinojeni inahitaji siku moja mbili ini liifanye. Kiwele kimeanza jana jioni. Hiyo 6 ya leo ni msingi wa kulinganishia. Rudia pamoja na slaidi ya siku ya 4.

#34 Zizi na Slaidi
Siku ya 4, wakuu. Ng'ombe amesimama tangu juzi, anakula nusu. Robo bado ngumu, maji yamepungua.

WBC 7.9. Kwa mkono seli 200: zilizokomaa asilimia 38, bendi 16, metamielosaiti 2, limfosaiti 37, monosaiti 7, esinofili 0. Bluu imebaki hafifu kwenye seli kama 15 kati ya 100, vidoa vichache. Protini 84, baada ya maji ya moto 74, faibrinojeni 10. Slaidi zote za leo nimetengeneza zizini.

#35 Tabibu Mwanafunzi
Safari hii nimehesabu mwenyewe. 7,900 mara 0.16 ni bendi 1,264. Siku ya kwanza zilikuwa 616. Zimeongezeka mara mbili, kwa hiyo amezidiwa?

#36 Kalamu ya Takwimu
Hesabu yako ni sahihi, umekosea kwenye usomaji. Angalia zilizokomaa: kutoka 252 hadi 3,002. Changa jumla sasa ni 1,422, chini ya nusu ya zilizokomaa. Siku ya kwanza zilikuwa mara tatu yake. Bado kuna kuhama kushoto, lakini sasa uboho unakimbia sambamba na matumizi. Bendi nyingi zikiwa nyuma ya zilizokomaa nyingi zaidi ni jeshi lenye akiba. Siku ya kwanza jeshi lilikuwa ni akiba tupu.

#37 Bibi Gimsa
Na ukali wa bluu umeshuka kabla bendi hazijaisha. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi: kiwanda kinatulia kwanza, ghala linafuata. Faibrinojeni 10 nayo imepanda huku mnyama akipata nafuu, kwa sababu inachelewa kuja na inachelewa kuondoka. Protini 84 gawanya kwa 10 ni 8.4. Ikiwa chini ya 10, faibrinojeni imepanda yenyewe. Upungufu wa maji tu ungepandisha protini zote pamoja na uwiano ungezidi 15.

#38 Kupe wa Masikio
Limfosaiti?

#39 Kalamu ya Takwimu
2,923. Zimerudi ndani ya kiwango.

#40 Kioo Safi
Kama ilikuwa deksamethazoni ya usiku ule, athari yake ingekuwa imeisha sasa, na limfosaiti zingerudi hivihivi. Kama ni kotisoli yake mwenyewe, nayo imeshuka akipata nafuu. Namba hii haitofautishi.

#41 Bibi Gimsa
Ila esinofili bado sifuri. Hilo linaniambia kubanwa hakujaisha.

#42 Kupe wa Masikio
Au mmeshahesabu seli 200 tu na esinofili ni chache hata kwa ng'ombe mzima. Mimi bado nataka tezi. Ndigana nayo huweza kupoa kwa baadhi ya dawa za bakteria za jamii ya tetrasaiklini zikiwahi, na hatujui jirani alichoma nini.

#43 Hadubini Kongwe
Hapo Kupe yuko sahihi, siwezi kumfuta. Limfosaiti kurudi kunapunguza nguvu ya ndigana, hakuiondoi.

#44 Mchungaji wa Seli
Swali la mwisho. Kwenye ripoti niandike nini, "nyutrofili zenye sumu" au la? Mganga akisoma sumu atadhani ng'ombe kala majani mabaya.

#45 Bibi Gimsa
Andika unachokiona: "bluu ya saitoplazimu, kali, zaidi ya nusu ya nyutrofili, vidoa vya Dohle, theluthi, mapovu hayakuripotiwa, sampuli ilikaa saa 5 kwenye kichupa." Mstari wa chini uweke changa na zilizokomaa kwa idadi halisi, kila moja peke yake. Atakayesoma ataelewa, na akikupigia simu atauliza swali sahihi.

#46 Zizi na Slaidi
Nimewaelewa. Jioni ninarudi zizini na sindano ya namba 21 kwa tezi ya mbele ya bega, slaidi mbili. Nikipata kitu ndani ya limfosaiti nitaweka hapa, nisipopata pia nitaweka. Mwenye ng'ombe anasema ameanza kuitafuta ile chupa jalalani.